Kubadilisha majina kwenye ramani ya mkono: vuna herufi kabla ya kufuta

Ramani iliyochorwa kwa mkono ikibadilishwa majina haraka haraka, jicho hulitambua jina geni kabla hata ya kulisoma. Umbo la herufi huwa si tatizo kubwa, kwa sababu fonti zinazofanana na maandishi ya mkono zipo nyingi. Kinacholiumbua jina geni ni wino. Ni jeusi tii wakati majina mengine yana rangi ya kahawia iliyokolea. Kingo zake ni kali kama zimekatwa kwa wembe, wakati wino wa zamani umenywewa na karatasi na kutawanyika kidogo. Na linaonekana kuelea juu ya karatasi, halikuzama ndani yake.

Kwa hiyo njia ninayoielekeza hapa inaanza na kitu ambacho wengi hukitupa: herufi za majina ya zamani. Zile herufi tayari zina wino sahihi, kingo sahihi na mkono sahihi. Tunazivuna kwanza, ndipo tunafuta, kisha tunajenga majina mapya kwa herufi zilezile kadiri zinavyotosha.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni ramani ya kisiwa cha kubuni, imechorwa kwa kalamu ya nibu pana na wino wa kahawia, ikaskaniwa kwa dpi 300. Majina yake yana sura ya Kilatini, na hadithi inayoambatana nayo imeandikwa kwa Kiswahili. Programu ni GIMP 2.10. Kama unatumia nyingine yenye leya, brashi ya kunakili na maski, hatua ni zilezile ila menyu zitakuwa na majina mengine. Kama mchoro si wako na bado una mwenyewe kisheria, pata ruhusa yake kwa maandishi kabla ya kuanza. Kubadilisha majina ni kubadilisha kazi ya mtu.

Faili la kuanzia

Kama unayo karatasi yenyewe, iskani upya. Kwa dpi 300, herufi yenye urefu wa milimita 3 inapata pikseli 35 hivi, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho bado unaweza kuona kingo za wino na kuzifanyia kazi. Kwa dpi 600 unapata mara mbili, na ufundi wote unaofuata unakuwa mwepesi zaidi.

Hifadhi skani kama PNG au TIFF, si JPEG. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila penye mpaka mkali kati ya wino na karatasi huacha madoadoa hafifu kuzunguka herufi. Ukifuta herufi, madoadoa hubaki, na unapata kivuli cha jina lililokufa. Kama JPEG ndiyo pekee uliyo nayo, kazi inawezekana bado, ila kila utakapofuta pitisha brashi pikseli 4 au 5 zaidi ya ukingo unaouona.

Fungua picha, nakili leya yake kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha ifunge ile ya chini ili isiguswe tena. Hifadhi kazi kama XCF tangu dakika ya kwanza. Leya ya asili utairudia mara nyingi kuliko unavyodhani.

Orodha ya majina na vipimo vyake

Kuza hadi asilimia 400 na upime kila jina kwa kifaa cha `Measure`: urefu wa herufi kubwa, unene wa mstari mnene, na urefu wa eneo ambalo jina limechukua. Kwenye ramani yangu orodha ilikuwa hivi:

```
INSULA CORVI    > KISIWA CHA KUNGURU | 44 px | mstari 6 px
MONTES NEBULI   > MILIMA YA UKUNGU   | 38 px | mstari 5 px | 900 px, upinde
Fl. Sonora      > Mto Sauti          | 24 px | imelala, kando ya mto
Portus Columba  > Bandari ya Njiwa   | 22 px | wima, baharini
```

Safu ya mwisho si pambo. Mchoraji wa ramani hatumii mwandiko mmoja kwa kila kitu. Majina ya maji kwa kawaida hulala upande, majina ya maeneo mapana kama milima hutandazwa kwa herufi kubwa zilizoachana, na majina ya miji hukaa wima na kubana. Ukiandika mto kwa mwandiko wa mji, ramani inasema uongo hata kama wino umefanana. Zingatia pia mahali jina lilipowekwa. Mchoraji ramani Mswisi Eduard Imhof, ambaye aliandika sana juu ya upangaji wa majina, alishauri kwamba jina la mahali palipo ufukweni liandikwe baharini, na la mahali palipo ndani zaidi libaki nchi kavu. Bandari ya Njiwa, kwa hiyo, inabaki baharini alipoiweka mchoraji, hata kama jina jipya ni refu zaidi na nchi kavu ina nafasi.

Kuvuna herufi

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Mimi mwenyewe niliwahi kufuta majina yote ya ramani kwanza, nikaanza kutafuta fonti, na baada ya siku mbili nikarudi kwenye skani ya asili kuchukua herufi moja moja kwa sababu hakuna fonti iliyokaa sawa. Tangu hapo navuna kwanza.

Tengeneza faili jipya lenye mandharinyuma angavu, liite `herufi.xcf`. Kwenye ramani, zungushia kila herufi kwa `Free Select` ukiacha nafasi ya pikseli 6 hivi pande zote, inakili, ibandike kwenye faili jipya kama leya yake, na uipe leya jina: `M-kubwa-1`, `U-kubwa-2`, na kadhalika.

Sasa kila herufi imekuja na kipande cha karatasi mgongoni. Ukiibandika hivyo mahali pengine itaonekana kama kiraka, kwa sababu karatasi ya zamani haina rangi moja: katikati ni nyeupe zaidi na pembeni imegeuka njano. Dawa ni `Colors > Color to Alpha`. Kwa kidonoa rangi, chagua rangi ya karatasi iliyo karibu kabisa na hiyo herufi. Programu itaiondoa rangi hiyo na kubakiza wino peke yake, pamoja na kingo zake laini zinazofifia taratibu. Chembechembe za karatasi zikibaki kama vumbi kuzunguka herufi, pandisha kidogo `Transparency threshold`. Kidogo tu, kwa sababu ukizidisha zile kingo laini nazo zinaliwa, na herufi inabaki na ukali uleule wa fonti tunaoukimbia.

Ili kuona kama umefanikiwa, weka leya ya rangi ya waridi kali chini ya herufi. Vumbi lote lililobaki litaonekana mara moja.

Kufuta pasipo mchoro

Juu ya ramani weka leya mpya iliyo tupu, iite `usafi`. Chukua kifaa cha `Clone`, washa `Sample merged`, na upake kwenye leya hii tupu, si kwenye ramani yenyewe. Ukikosea unafuta kipande cha usafi tu, na ramani iko salama chini yake.

Brashi iwe na upana wa mara moja na nusu ya mstari wa herufi, na ugumu wa wastani, kama 60. Brashi laini sana hufanya karatasi ionekane imefutwa kwa kitambaa, maana inachanganya chembechembe zake hadi zinapotea. Shika `Ctrl` na ubofye karatasi tupu iliyo karibu, halafu paka. Badilisha chanzo kila baada ya miguso michache. Ukitumia chanzo kimoja kwa jina zima, doa lililokuwa kwenye chanzo litajirudia mara nane kwa mpangilio, na jicho la binadamu hukamata marudio haraka sana.

Kwenye karatasi tupu kabisa unaweza kutumia `Heal`, ambayo husawazisha rangi yenyewe. Ila ukifika karibu na mstari wowote wa wino, iache. `Heal` hulinganisha rangi na kilicho pembeni yake, na pembeni pakiwa na ufukwe mweusi, huvuta weusi huo na kuacha uchafu wa kijivu. Karibu na mistari tumia `Clone` pekee.

Ukimaliza, fanya jaribio hili. Chagua `Layer > New from Visible`, na kwenye leya hiyo mpya fungua `Colors > Levels`. Sogeza alama nyeusi ya ingizo hadi karibu 180 na nyeupe hadi karibu 245. Karatasi ambayo ilionekana safi sasa itatanuka rangi zake, na kila mabaki ya jina la zamani yatajitokeza kama mwandiko wa moshi. Kwenye ramani yangu neno Columba lilisomeka lote, wakati bila jaribio hili ningeapa kwamba limekwisha. Rudi kwenye leya ya `usafi`, malizia sehemu hizo, futa leya ya jaribio, kisha urudie jaribio hadi pasisomeke kitu.

Kufuta penye mchoro

Hapa ndipo ramani nyingi huharibika. MONTES NEBULI lilipita juu ya safu ya milima iliyotiwa kivuli kwa vistari vifupi vya kalamu. Mchoraji aliandika jina kwanza, kisha akachora vistari akivikatisha kila anapoikaribia herufi. Kwa hiyo chini ya jina hakuna mchoro uliofichika. Kuna pengo. Ukifuta herufi unabaki na njia nyeupe yenye umbo la MONTES NEBULI inayokatiza milima, na mtu anaweza kulisoma jina kutokana na pengo peke yake.

Pengo hilo lazima lijazwe kwa vistari vipya, na vistari hivyo viko tayari palepale kwenye ramani. Tafuta mlima ambao haukupitiwa na jina. Chukua kundi la vistari sita hadi nane kwa `Free Select`, libandike kama leya, liondolee karatasi kwa `Color to Alpha` kama ulivyofanya kwa herufi, kisha lisogeze juu ya pengo. Zungusha nyuzi chache lifuate mteremko. Kwa maski ya leya, futa ncha zinazogongana na vistari vya zamani.

Jambo moja la kuangalia: mwanga unatoka wapi. Kwenye ramani hii, kama ilivyo desturi kwenye ramani nyingi, mwanga unatoka juu kushoto, na kivuli kinaanguka upande wa kulia wa kila kilele. Ukichukua vistari na kuvigeuza kama kwenye kioo ili vijaze upande mwingine, kivuli kinahamia upande wa jua. Mlima unageuka kuwa bonde. Vistari vyenyewe pia vina kichwa na mkia: vinaanza vinene kileleni na kuisha vyembamba chini. Zungusha na kusogeza upendavyo, usigeuze.

Makundi mawili au matatu tofauti yanatosha kwa pengo zima, mradi hayapangwi kwa zamu. Mahali mstari mmoja mrefu umekatwa, kwa mfano ufukwe uliopitiwa na herufi, chukua kipande cha ufukwe huohuo kutoka mbele yake kidogo na ukiunganishe. Kipande kinachotoka kwenye mstari uleule huwa na unene uleule na mtikisiko uleule wa mkono. Brashi yako haitaweza kuuiga huo mtikisiko.

Kujenga jina jipya

Tuone MILIMA YA UKUNGU inahitaji nini. Kuna M mbili, I mbili, L moja, A mbili, Y moja, U tatu, K moja, N moja na G moja. Jumla herufi 14. Majina mawili ya herufi kubwa, MONTES NEBULI na INSULA CORVI, yanatupa M moja, I tatu, L mbili, A moja, U mbili na N tatu. Zaidi ya hapo tuna C, R na V moja moja, na E na T kwa ajili ya vijiti.

Herufi za INSULA CORVI zina pikseli 44, zetu zinatakiwa kuwa 38. Kuzipunguza hadi asilimia 86 kunashusha mstari wa pikseli 6 hadi 5 na kidogo, na hiyo inakaa vizuri na mstari wa 5. Tofauti ya saizi ikizidi robo, usiazime tena. Mstari utakuwa mwembamba au mnene kupita majirani, na herufi itaonekana imeandikwa kwa kalamu nyingine.

Zinazokosekana zinaungwa kutoka vipande, na hapa lazima uielewe nibu pana. Mkono wa kulia ukishika nibu hiyo, mstari wa mshazari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia hutoka mnene, na unaopanda kwenda kulia hutoka mwembamba. Ndiyo maana V ina mkono mnene kushoto na mwembamba kulia. A ni kinyume: mwembamba kushoto, mnene kulia. Ukitaka kuipata A ya pili kutoka kwa V, usiipindue juu chini kama kwenye kioo, kwa sababu mstari mnene utaangukia kushoto na A itakuwa imeandikwa na mtu wa mkono tofauti. Izungushe nyuzi 180. Hapo mstari mnene unahamia kulia bila kubadili mwelekeo wake, sawasawa na kalamu ingefanya. Kijiti cha katikati kikate kwenye E.

Y inatokana na V iliyofupishwa kutoka chini na kusimamishwa juu ya nusu ya I ile ya tatu. K inachukua nguzo ya R, mguu wa R kama mguu wake wa chini, na mkono mwembamba wa V kama mkono wa juu. Ukikagua utaona unene unaangukia mahali pake: mguu wa K unashuka kwenda kulia, kwa hiyo ni mnene, na mkono wake unapanda kwenda kulia, kwa hiyo ni mwembamba. G ni C iliyoongezewa kijiti kifupi cha T mdomoni. V moja inaweza kutumika mara zote hizi kwa sababu kila mahali tunachukua kipande tu, na maungio yanabadilisha sura yake.

Maungio yenyewe yasilazwe ukingo kwa ukingo. Pitisha kipande kimoja pikseli 2 au 3 ndani ya kingine, kisha fifisha ncha iliyo juu kwa maski na brashi laini. Mkono wa kweli, nibu ikirudi juu ya wino mbichi, huacha doa dogo lililokolea palipokutana mistari. Kama muungano wako umekolea kidogo, uache hivyo.

Sasa M ya pili na U ya tatu, ambazo ni nakala. Katika UKUNGU, U tatu ziko karibu karibu, na mbili zikiwa pacha kamili msomaji atahisi mashine bila kujua kwa nini. Weka ile ya nakala mbali na mwenzake kadiri neno linavyoruhusu, ipanue kwa asilimia 3, izungushe nyuzi moja, na kwa `Warp Transform` usukume nguzo yake moja pikseli moja tu. Inatosha.

Baada ya hapo ni nafasi. Eneo la jina lina pikseli 900 kwenye upinde unaofuata safu ya milima. Herufi 14 zenye upana wa wastani wa 32 zinachukua 448, zinabaki 452 za kugawa. Kuna nafasi 11 kati ya herufi na 2 kati ya maneno. Nafasi ya neno nikiihesabu kama mbili na nusu za herufi, napata sehemu 16, yaani pikseli 28 kati ya herufi na 70 kati ya maneno. Jina la zamani lilikuwa na 41 kati ya herufi, kwa hiyo jipya limebana zaidi lakini bado linasomeka kama jina la eneo pana. Hesabu ikinipa chini ya nusu ya upana wa herufi, ningepunguza urefu wa herufi zote kabla ya kuzibana zaidi, kwa kuwa herufi zilizosongamana hupoteza ule mtandazo unaosema kwamba hii ni safu nzima ya milima.

Hizo 28 ni mwanzo tu. Chora upinde kwa kifaa cha `Paths`, panga herufi juu yake, kisha sogeza kwa jicho: A baada ya Y inataka kusogea karibu, I mbili za MILIMA zinataka hewa zaidi. Herufi moja moja ziachie zipande au kushuka pikseli moja. Pima jina la zamani kwenye leya ya asili uone mchoraji mwenyewe aliyumba kiasi gani, na usizidi hapo.

Mwisho, jina jipya nalo linahitaji pengo lake kwenye vistari vya milima. Programu inaweza kukutengenezea pengo linalofuata kila herufi kwa umbali sawa, kupitia `Alpha to Selection` na `Select > Grow` kwa pikseli 5, lakini matokeo yake ni mzingo mweupe kama wa stika. Mchoraji hakufanya hivyo. Yeye alisitisha kistari kizima kilipokaribia herufi. Kwa hiyo tumia huo mpaka kama mwongozo wa jicho tu, kisha kwenye leya ya `usafi` ondoa ncha za vistari moja moja, vingine mapema, vingine vikifika karibu kugusa.

Majina madogo na mto

Kwa majina mengi madogo, kuunga herufi moja moja kunaweza kuchukua wiki, na saizi ya pikseli 22 inasamehe mengi. Hapo fonti inakubalika. Ichague kwa unene wa mstari kwanza, kwa urefu wa herufi ndogo ukilinganisha na kubwa pili, na mwisho ndipo uangalie maumbo ya a, e na g.

Rangi idonoe katikati ya mstari mnene wa jina la zamani. Kwangu ilikuwa `4a3626`. Weka leya ya maandishi kwenye hali ya `Multiply` ili chembechembe za karatasi zipite ndani ya herufi, ila fahamu kwamba `Multiply` inazidisha rangi hiyo na njano ya karatasi na kuikoleza kidogo. Ing'arishe kidogo hadi idonolewe upya na kutoa namba zilezile. Tengeneza nakala ya leya, ifiche ile ya awali ili uweze kurekebisha herufi siku za mbele, na kwenye nakala weka `Gaussian Blur` ya 0.7 au 0.8. Linganisha kwa asilimia 400: wino wa zamani unachukua pikseli kama tatu kutoka kukolea hadi karatasi, na mpya lazima uchukue kiasi hicho.

Kuna dalili moja zaidi ya nibu ambayo fonti haina. Kalamu ikitoka kuchovywa huandika kwa kukolea, kisha wino unapungua kadiri neno linavyokwenda. Ongeza maski kwenye leya na uvute mteremko wa rangi kutoka nyeupe mwanzoni mwa jina hadi kijivu hafifu sana mwishoni. Bandari ya Njiwa ina maneno matatu, na nikaona kwenye majina ya zamani kwamba mchoraji alichovya kalamu kila baada ya herufi nane au tisa. Nikaanza mteremko upya kwenye Njiwa.

Mto Sauti ulilazwa juu ya mkunjo wa mto. Chora njia inayofuata mto, pikseli 8 juu yake, ukilainisha kona zake. Mto hupinda sana kuliko jina linavyoweza kupinda, na herufi zikifuata kila kona zitaanguka kama meno mabovu. Andika jina, bofya kulia juu ya maandishi, chagua `Text along Path`. GIMP 2.10 itakupa muhtasari wa herufi kama njia, bila wino. Igeuze kuwa eneo teule kwa `Path to Selection`, jaza rangi kwenye leya mpya, kisha fuata hatua zilezile za wino.

Ukaguzi

Geuza picha nzima kwa `Image > Transform > Flip Horizontally`. Majina hayasomeki tena, na jicho likikosa la kusoma huona uzito wa wino na nafasi tu. Jina lolote linaloruka mbele ya mengine bado lina wino mwingi au kingo kali. Rekebisha, geuza tena irudi, rudia jaribio la `Levels`, kisha chapisha kipande kimoja chenye jina la zamani lililobaki na jipya kwa saizi halisi. Kioo cha kompyuta huficha kingo kali ambazo karatasi huzionyesha. Toa nakala ya mwisho kama PNG kwa `File > Export As`, na XCF pamoja na `herufi.xcf` zihifadhi mahali pamoja, kwa sababu kijiji kipya kitaongezwa kwenye hadithi na kitataka K ileile.